Karatasi tatu za Bismillahi: kisa cha kulinganisha khati za wanafunzi, Ujiji

Madrasa moja hapa Ujiji ilitaka ubao mpya wa kuning'iniza juu ya mlango wa ndani, wenye Bismillahir-Rahmanir-Rahim kwa khati ya naskhi. Ustadhi hakutaka kuandika mwenyewe. Alitaka aandike mmoja wa wanafunzi wake wakubwa wa khati, nao ni watatu: mmoja anatoka Gungu, wa pili ni binti wa Mwanga, wa tatu ni kijana wa Kibirizi ambaye alfajiri huwa mwaloni na baba yake. Kila mmoja alileta karatasi yake yenye mstari huo mmoja. Nitaziita kwa mitaa yao.

Wazee wawili wa kamati walipozitazama hawakuchukua muda. Waliitaka ya Mwanga. Ya Gungu wakasema ni nadhifu ila imepoa, na ya Kibirizi wakaiweka chini kabisa kwa kuwa "inaanza vizuri kisha inalewa". Ustadhi akawaambia, "Wazee wangu, nipeni nafasi tuzipime kwanza." Akaniita tusaidiane.

Mstari ulikuwa uleule na karatasi ilikuwa ileile, mgongo wa kalenda ya ukutani, ambao ni laini na haunywi wino haraka. Wino nao ulikuwa mmoja, wa masizi ya koroboi na gamu ya mgunga. Ustadhi alikuwa amewachorea mistari miwili hafifu ya penseli: wa chini ambao herufi zinakalia, na wa juu wa kuwekea mpaka vichwa vya alifu. Lakini kalamu kila mmoja alijichongea mwenyewe, kutoka kwenye matete yanayokatwa ufukweni. Hapo ndipo ulinganisho wa macho unapoharibika, maana kalamu nyembamba hufanya mwandiko uonekane nadhifu hata kama vipimo vyake vimepotea, na kalamu pana huanika kila kosa.

Ndiyo maana kwenye khati hatupimi kwa rula peke yake. Tunapima kwa nukta, utaratibu unaonasibishwa na Ibn Mukla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940. Unabonyeza ncha ya kalamu mara moja, unaivuta kidogo, inatoka nukta ya pembe nne ambayo kila ubavu wake ni sawa na upana wa ncha. Ukizipanga nukta hizo wima, pembe juu ya pembe, unapata ngazi ya kupimia herufi. Katika naskhi sisi hapa tunaipa alifu nukta tano. Wapo walimu wanaoridhika na pungufu kidogo, na ukienda kwenye khati ya thuluthi alifu hufika saba. Idadi yenyewe hufuata mwalimu uliyemshika, ila ukishaichagua hutakiwi kuibadilisha katikati ya mstari.

Raha ya mstari huu ni kwamba una nukta zake ndani. Kuna moja chini ya be, moja juu ya nuni, na mbili chini ya ye. Hizo nne ni ushahidi wa kalamu iliyotumika, na hata mwanafunzi akidai alichonga ncha ya milimita mbili, karatasi itasema yenyewe. Tulizipeleka karatasi zote kwenye duka la stesheneri, zikatolewa kopi iliyokuzwa mara nne, kwa sababu tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita haionekani kwa rula ya shule. Kwenye kopi tulipima nukta, kisha kila karatasi tukaikatia kipande chembamba chenye ngazi ya nukta zake yenyewe. Ya Gungu haikupimwa kwa nukta za Mwanga wala kinyume chake.

Tukaanza na usawa wa mivuto. Katika mstari huu mivuto mirefu ya kusimama ni saba, alifu tatu na lamu nne. Be ya mwanzo nayo huinuliwa kuliko be ya kawaida, lakini haifiki urefu wa alifu, kwa hiyo tuliiweka kando.

Karatasi ya Gungu ilitushangaza. Ncha yake ilikuwa milimita moja na nusu tu. Nukta ya ncha hiyo, kutoka pembe hadi pembe, ni kama milimita 2.1, kwa hiyo alifu ya nukta tano ilipaswa kuwa milimita 10 na ushee. Yake zilikuwa 13, yaani nukta sita na kidogo. Zote saba zilikuwa hivyo, bila kupishana. Sababu haikuwa ya kutafuta mbali. Mistari ya penseli ilichorwa kwa ajili ya ncha ya milimita mbili, ambayo alifu yake ni kama milimita 14. Kijana wa Gungu alipoona mpaka uko juu, akaukaribia kwa utiifu na kalamu yake nyembamba. Herufi zikawa na miguu mirefu na mwili mdogo, na huko ndiko "kupoa" walikokuona wazee. Mkono wake kwenye mivuto ya kusimama ni thabiti kabisa, tatizo ni kalamu.

Ya Mwanga ilikuwa na ncha sahihi ya milimita mbili. Alifu ya kwanza ilikuwa nukta tano barabara. Lamu ya kwanza ya jina la Allah ilikuwa nne na nusu, ya pili tano na robo, na zilizofuata zikapanda na kushuka bila mpango wowote. Kwa jicho la kawaida huoni, kwa sababu binti huyu anapanga irabu vizuri mno. Fataha na shadda zake zinajaza kila pengo juu ya vichwa vifupi, na jicho linasoma ukingo mmoja ulionyooka. Ustadhi alichukua kopi nyingine, akazifuta irabu zote kwa korekta, akawarudishia wazee. Mmoja akanyamaza. Mwingine akauliza, "Hii ndiyo ile ile?"

Hili la kufuta irabu ningependa kila anayelinganisha naskhi alifanye mwanzoni. Irabu huandikwa baada ya herufi, mara nyingi kwa kalamu nyembamba zaidi, na mwandishi mwenye jicho zuri huzitumia kurekebisha alichokosea kwenye herufi. Si udanganyifu, ni ustadi wa haki kabisa, lakini ni ustadi wa pili. Ukitaka kujua mkono unavyovuta kalamu, ziondoe.

Karatasi ya Kibirizi ndiyo tuliyokaa nayo sana. Nayo ilikuwa ya ncha ya milimita mbili. Alifu ya jina la Allah ilisimama vizuri, nukta tano, upana wake kama milimita 1.4. Alifu ya Ar-Rahman ilianza kuegemea kushoto. Ya Ar-Rahim ilikuwa imelala kama nyuzi 10 kuliko ya kwanza, upana ukibaki uleule wa 1.4. Wakati huohuo mivuto ya kulala, ile inayounganisha herufi juu ya mstari, ilikuwa inanenepa kuelekea mwisho, kutoka 1.4 hadi 1.6 na zaidi.

Mtu anaweza kusema tete limelainika kwa kulowa wino. Ni dhana ya haki, hutokea sana, na matete yetu ya ziwani yasipokaushwa vya kutosha hulainika upesi. Lakini ncha iliyolainika hunenepesha kila kitu, mivuto ya kusimama na ya kulala, na nukta za mwisho hutoka kubwa na pembe zake huwa butu. Hapa mivuto ya kulala ilinenepa huku ya kusimama ikiegemea bila kubadilika upana. Hilo hutokea ncha inapogeuka kwenye karatasi, kwa sababu upana wa mvuto unategemea pembe kati ya ncha na mwelekeo wa mvuto: alifu ziliegemea pamoja na ncha, ila mivuto ya kulala ilibaki kwenye mstari wa penseli.

Ushahidi wa mwisho ulikuwa kwenye nukta. Tuliweka nukta ya be ya mwanzoni kando ya zile mbili za ye ya mwishoni. Ubavu ulikuwa sawa, pembe kali kama za mwanzo, ila za ye zilikuwa zimezunguka kidogo, kama nyuzi zilezile ambazo alifu imelala. Kwa hiyo kalamu ilikuwa nzima. Kilichogeuka ni mkono wote.

Naskhi inaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Anayeandika kwa mkono wa kulia akibandika kiwiko mezani na kuacha karatasi palepale, mkono wake unazunguka kwenye kiwiko kadiri unavyokwenda kushoto, na ncha inazunguka nao. Mstari huu kwa ncha ya milimita mbili una urefu wa sentimita 12 hivi, unatosha kabisa mzunguko huo kuonekana. Kijana alipoulizwa alivyokaa, akajibu, "Ustadhi, niliibana karatasi kwa vitabu isiruke na upepo." Hayo ndiyo maelezo yote yaliyohitajika.

Baada ya mivuto tukaja kwenye nafasi. Wanafunzi wengi wanajua kupima nafasi kati ya neno na neno, na hapa ziko tatu. Wanazosahau ni zile za ndani ya neno. Alifu na re haziungani na herufi inayofuata, kwa hiyo jina la Allah lina pengo moja ndani, baada ya alifu, na Ar-Rahman na Ar-Rahim kila moja lina mapengo mawili, baada ya alifu na baada ya re. Jumla mapengo matano ya ndani dhidi ya matatu ya nje. Yakilingana, msomaji haoni maneno tena, anaona vipande.

Tulichukua ukanda wa karatasi, tukauweka kwenye mstari, tukatia alama kila pengo linapoanza na kuishia. Kwa Kibirizi mapengo ya nje yalikuwa nukta mbili hivi na ya ndani moja au pungufu. Kwa Gungu, pengo baada ya re lilikuwa nukta moja na nusu, sawa na pengo la nje. Ukiitazama karatasi yake kwa mbali, Ar-Rahman inakatika vipande viwili, alifu-lamu-re upande mmoja na ha-mimu-nuni upande mwingine.

Lakini ukanda hauwezi kumaliza kazi hii, na hapa rula na nukta zote zina mpaka. Mkia wa re unazama chini ya mstari na kuelekea kushoto, hivyo juu yake unabaki weupe mkubwa ambao haupo kati ya alifu na lamu zinazosimama bega kwa bega. Mapengo mawili yenye nukta moja kila moja hayaonekani sawa: la re litaonekana pana zaidi. Mwandishi mzoefu anaisogeza ha hadi kichwa chake kiingie kidogo juu ya mkia wa re, na ukipima kwa ukanda unapata pengo dogo mno, karibu na sifuri. Kwa hiyo ukanda hutumika kukamata makosa makubwa kama la Gungu. Baada ya hapo unapaswa kuangalia weupe, si umbali, na njia rahisi ni kugeuza kopi kichwa chini. Herufi zikiacha kusomeka, jicho linaona madoa meupe na meusi tu.

Mwanga alikuwa na tatizo la aina nyingine. Mapengo yake ya nje yalikwenda nukta mbili, moja na nusu, moja. Yalikuwa yakipungua. Tulipoitazama Bismi tukajua kwa nini: aliivuta sini kwa madaha kabla ya kufika kwenye mimu, mvuto mrefu na mzuri kweli, kisha akagundua nafasi inamwishia na Ar-Rahim bado. Kuivuta sini ya Bismi ni desturi ya zamani na hakuna anayemkataza, lakini mvuto huo hulipiwa mwisho wa mstari. Mwandishi anayejua hupiga hesabu kwa penseli kwanza.

Mizani ya mstari mzima ndiyo sehemu ambayo wazee wana haki yao, kwa sababu haipimiki kwa ngazi ya nukta. Tulifanya mambo mawili tu. La kwanza, tulikunja kila kopi katikati, mwanzo wa be ukutane na mwisho wa mimu. Kwa Kibirizi na Gungu mkunjo ulianguka baada ya jina la Allah, kabla au kwenye alifu ya Ar-Rahman, mahali panapofaa kwa mstari wenye maneno haya manne. Kwa Mwanga ulianguka ndani ya jina la Allah lenyewe. Nusu ya kulia ilikuwa na neno moja na ushee linalopumua, na nusu ya kushoto ilibeba yote yaliyobaki yakisukumana.

La pili, tuliziweka karatasi ukutani, tukarudi nyuma hatua kadhaa, tukafumba macho nusu hadi mstari ukawa ukanda wa kijivu. Ya Gungu ilikuwa na kijivu kimoja, chepesi, chenye matundu mawili meupe pale re inapoachana na ha. Ya Mwanga ilikuwa nyepesi kulia na nzito kushoto. Ya Kibirizi pia ilikuwa nzito kushoto, lakini kwa sababu tofauti kabisa, maana maneno hayakubanana, mivuto ya kulala ndiyo iliyonenepa. Mtu asiyejua chanzo angeziandikia karatasi hizi mbili kosa moja na dawa moja, na dawa ingemsaidia mmoja wao kwa bahati tu.

Haki itendeke: chini ya mstari Mwanga aliwashinda wote. Mivuto mitano inashuka hapo, mimu ya Bismi, re mbili, bakuli la nuni na mkia wa mimu ya mwisho, na yake ilipangana kwa kina ambacho mimi mwenyewe ningefurahi kukipata. Bakuli la nuni lilikuwa na tumbo la duara lililoinuka mwishoni bila kusita. Kibirizi nuni yake ni bapa, na hilo halisababishwi na kiwiko.

Sasa swali la ubao. Ustadhi hakuhesabu makosa na kumpa mwenye machache, na nadhani alikuwa sahihi. Alitaka kujua kosa gani lina chanzo kimoja kinachoondoka na lipi limetawanyika mkononi. Hilo hulijui kwa karatasi moja, kwa hiyo aliwaandikisha tena mbele yake, kila mmoja akiwa amebadilishiwa jambo moja tu.

Gungu alipewa kalamu ya milimita mbili iliyochongwa na ustadhi. Alifu zikarudi kwenye nukta tano papo hapo, saba zote. Pengo la re likabaki vilevile, kwa hiyo lile ni lake, anahitaji mazoezi ya re na ha peke yake. Mwanga aliwekewa alama ya penseli panapoishia sini. Mapengo yakatengemaa na mkunjo ukaangukia mahali pake, ila urefu wa alifu na lamu uliendelea kupishana, na fupi hazikuwa zilezile za mara ya kwanza. Kosa linalohama mahali kila unapoandika ndilo linaloonyesha mkono haujatulia. Kibirizi aliambiwa aitoe karatasi kwenye vitabu na kuisogeza kulia kila anapomaliza neno, mkono ukibaki mbele ya kifua. Alifu tatu zikasimama sambamba, upana ukawa mmoja, na nukta za ye zikakaa kama ya be. Kijivu kikawa sawa mwanzo hadi mwisho. Nuni ikabaki bapa.

"Basi huyu wa Kibirizi," akasema mzee aliyekuwa ameikataa karatasi yake, "ila ile nuni jamani." Ustadhi akacheka, akamwambia, "Nuni nitakaa naye mzee wangu, hiyo ni moja tu."

Wakakubaliana kijana wa Kibirizi aandike herufi na binti wa Mwanga aweke irabu. Khati ya ubao itakuwa mara kumi ya ile ya karatasi: ncha ya sentimita mbili, alifu ya sentimita 14, mstari wa mita moja na sentimita 20 hivi. Ubao wa urefu huo hausogezwi kila neno, kwa hiyo utalazwa juu ya madawati na mwandishi ndiye atakayehama hatua baada ya hatua kuelekea kushoto, bega likiwa mkabala na neno analoandika. Ustadhi amemwelekeza apige nukta moja ya majaribio kwenye kipande cha ubao kila anapohama, ailinganishe na ile ya be kabla ya kuvuta alifu inayofuata.